Kichwa kinawasha na kunuka ukitoka kwa boda? Wacha kwanza kukipaka mafuta

Kama unaishi Nyamasaria unaijua hii safari. Unachukua boda kutoka ndani ya mtaa, barabara ni ya murram, lori la mchanga linapita na mnamezwa na vumbi nyinyi wote. Kichwani umevaa helmeti ambayo imevaliwa na abiria wengine kumi tangu asubuhi. Ukifika barabara kuu unaingia matatu ya Kondele, mnabanana, na dirisha la upande wako halifunguki. Unapofika kazini jasho limeshateremka hadi shingoni.

Mimi nilikuwa nafanya hivyo siku sita kwa wiki. Niliwacha chuo karo iliponishinda, nikapata kazi kwa saiba moja Kondele, kazi ya kumwinamia mteja ili umsaidie kujaza fomu. Siku moja mama mmoja alirudisha kiti chake nyuma. Hakusema kitu. Jioni mdosi akaniita kando: "Dadangu, hizo nywele ni lini uliziosha?" Nilikuwa nimesuka rasta wiki tano zilizopita. Manze, nilitamani sakafu inimeze.

Mwasho ulikuwa umeanza mapema zaidi, na nilikuwa nimeupeleka kwa msusi wangu. Aliangalia mistari ya msuko, akaona unga mweupe, akasema, "Nyathina, ngozi imekauka. Paka mafuta ya nazi kila usiku." Nikapaka. Usiku wa kwanza niliskia afadhali. Baada ya wiki mbili nilikuwa najikuna kwa ncha ya kalamu.

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea, kwa hivyo nisikilize vizuri. Ule unga mara nyingi si ukavu. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe, na juu yake huishi kuvu mdogo sana anayeitwa Malasezia. Kila mtu anaye, hata yule msafi kuliko wote. Chakula chake ni hayo mafuta. Akishayavunja anaacha asidi ambazo kwa baadhi yetu huwasha ngozi, nayo ngozi inajibu kwa kujibandua haraka kabla ya wakati wake. Huo ndio mba.

Harufu nayo? Jasho likitoka tu halinuki sana. Linanuka baada ya bakteria kulifanyia kazi pamoja na mafuta na ngozi iliyokufa. Sasa hewa yetu ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi, kwa hivyo jasho halikauki upesi, na chini ya helmeti, wigi au rasta halikauki kabisa. Vumbi la barabarani linakuja kunata juu ya huo mchanganyiko.

Ukiongeza mafuta ya nazi au ya mzeituni kwenye ngozi, umemletea Malasezia chakula cha jioni. Mafuta mazito ya mgando hawezi kuyala, lakini yanashika vumbi na kuzuia jasho kukauka. Ndiyo maana unaskia raha usiku mmoja, kisha mambo yanaharibika.

Kwa kemisti niliuliza shampuu ya mba, nikapewa yenye ketokonazoli ya asilimia 2. Ziko pia zenye zinki pirithioni au seleniamu salfaidi. Angalia jina la dawa nyuma ya chupa, kwa sababu maneno ya mbele ni ya matangazo. Kisha ukae na ratiba. Yangu ilikuwa Jumatano na Jumapili kwa wiki nne, na niliosha hivi bila kufumua rasta:

Kwanza nilitikisa vumbi nywele zikiwa kavu, kwa sababu ukilimwagia maji moja kwa moja linageuka matope kwenye mistari. Nilichukua chupa ya plastiki yenye mdomo mwembamba, kama ile ya tomato ya kibanda cha chipsi, nikatia kijiko kikubwa kimoja cha shampuu ya kawaida kwenye glasi moja ya maji ya uvuguvugu. Nikapitisha mdomo wa chupa kwenye kila mstari, nikasugua kwa nyama ya vidole, si kwa kucha, nikasuuza. Raundi hii ni ya kutoa vumbi na mafuta.

Raundi ya pili ndiyo dawa. Paka shampuu ya ketokonazoli kwenye ngozi, kisha ukae dakika tano kwa saa. Watu wengi huipaka na kuisuuza hapo hapo, halafu wanasema dawa ni feki. Haijapata nafasi ya kufanya kazi. Baadaye suuza mpaka maji yatoke safi na yasiteleze, kwa sababu shampuu iliyobaki nayo huwasha. Kama nywele zinakauka sana, paka kondishona kwenye nywele zenyewe, usiifikishe kwenye ngozi. Na omera, wacha sabuni ya kufulia. Ni kali kwa ngozi, na kwa maji ya kisima yenye chumvi huacha utando.

Halafu kuna kukausha, na hapa nilikuwa naharibu kila kitu. Nilikuwa naosha saa tatu usiku na kulala na rasta mbichi ndani ya kitambaa. Asubuhi kichwa kinanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Sasa Jumapili naosha asubuhi na kukaa kwenye upepo. Jumatano naosha mara tu nikifika nyumbani, nafinya kila rasta kwa taulo, kisha nakaa mbele ya feni. Nashika katikati ya msuko karibu na ngozi. Kama bado ni baridi, bado ni mbichi, na sifungi.

Siku zingine sioshi. Navaa kitambaa cha pamba chini ya helmeti, ninavyo viwili, kimoja kichwani na kingine kwenye kamba. Kila jioni kinafuliwa. Nikifika kazini nakitoa ili ngozi ipumue.

Wiki ya kwanza harufu ilipungua. Mwasho ulitulia wiki ya pili, na unga ukafuata. Baada ya wiki nne nilishuka hadi mara moja kwa wiki mbili kwa hiyo dawa, na shampuu ya kawaida kila Jumapili. Ukiwacha kabisa mba hurudi, kwa sababu Malasezia hahami. Unamdhibiti tu. Na rasta sikai nazo tena miezi mitatu.

Lakini si kila mwasho ni mba. Ukiona nywele zimekatika kwa mviringo, vidoa vyeusi pale zilipokatikia, au uvimbe wenye usaha, hiyo huenda ikawa mashilingi. Huambukizwa, hasa kwa watoto, kupitia vitana na vitu vya kichwani, na shampuu peke yake haiyaponyi. Inahitajika dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Mayai yaliyoshikilia unywele na hayatikisiki ni ya chawa. Na mba ukisambaa hadi nyusi, kando ya pua na kifuani, au ukikataa baada ya wiki nne za ratiba, nenda kliniki. Ukiwa mkali sana daktari anaweza kukushauri upimwe pia virusi vya Ukimwi, kwa sababu kinga ikishuka kuvu huyu huzidi. Usikasirike, pimwa tu.

Yule mama wa fomu alirudi mwezi uliopita. Alikaa, akavuta kiti karibu, akaniuliza nani hunisuka.