Kifurushi Kilifika, Cherehani Haikufika

Tuchukue mnunuzi wa Dar es Salaam. Ameona mtandaoni cherehani ya umeme ya kuweka mezani, ya chuma, uzito kilo 9. Analipa dola 140 kwa kadi ya Visa. Wiki tatu baadaye kinakuja kifurushi kinachoenea kiganjani, na ndani mna kidude cha plastiki cha kushonea kwa mkono, kinachotumia betri. Muuzaji anamwambia abaki nacho, atarudishiwa asilimia 15. Mnunuzi anakataa na kuiomba benki yake ipinge muamala ili fedha zirudi, hatua ambayo watu wa kadi huiita chajibeki.

Baada ya wiki kadhaa benki inamwandikia: muuzaji amejibu, tena kwa ushahidi kwamba mzigo ulipokelewa. Ameambatisha ukurasa wa msafirishaji wenye namba ya kufuatilia mzigo, tarehe na saini. Benki inampa mteja siku chache atoe maelezo. Hapa wengi hukata tamaa, maana saini ni yao kweli.

Kabla ya kuandika chochote, piga simu benki uulize pingamizi lako lilifunguliwa kwa sababu gani. Kila pingamizi huenda na namba ya sababu. Kwa Visa, 13.1 ni bidhaa kutopokelewa, na 13.3 ni bidhaa isiyolingana na maelezo au mbovu. Karani aliyekusikia ukisema “sijapata cherehani yangu” anaweza kuwa aliandika 13.1, na kwa namba hiyo saini ya mapokezi inakumaliza. Basi omba kosa hilo lishughulikiwe haraka, kwa sababu kwa 13.3 muda wa kawaida ni siku 120 tangu upokee bidhaa.

Kama namba ni 13.3, muuzaji amejibu swali ambalo hakuulizwa. Barua iseme hivyo katika mistari ya kwanza, bila hasira na bila historia ndefu. Anayeisoma ana mafaili mengi mezani, na anatafuta sentensi atakayoipeleka mbele:

“YAH: PINGAMIZI LA MUAMALA WA DOLA 140. Sikudai kwamba kifurushi hakikufika. Nilikipokea tarehe 4 Machi. Ninachopinga ni kilichokuwemo: nilinunua cherehani ya meza ya kilo 9, nikaletewa kifaa cha mkono cha plastiki. Ushahidi wa muuzaji unaonyesha kwamba kitu fulani kilifika. Hauonyeshi kilikuwa kitu gani.”

Kisha usome karatasi za muuzaji upya, safari hii ukitafuta uzito. Stakabadhi nyingi za wasafirishaji huandika uzito wa mzigo, na mara nyingi muuzaji huziambatisha bila kuziangalia. Zikisema kilo 0.4, amekupa shahidi bora kuliko picha zako zote, kwani cherehani ya kilo 9 haiwezi kusafiri katika mzigo wa gramu 400. Zungushia tarakimu hiyo, taja ni ukurasa wa ngapi, na karibu yake weka skrinishoti ya tangazo inayoonyesha kilo 9. Kama uzito haukuandikwa, au ni ule muuzaji aliojaza mwenyewe, peleka kifurushi na boksi lake kwenye mzani wa dukani na upige picha ambayo lebo yenye namba ya mzigo na tarakimu za mzani zinasomeka pamoja.

Barua nzuri nyingi huangushwa na suala la kurudisha mzigo. Kwa 13.3 mteja anatakiwa awe amerudisha bidhaa au amejaribu kuirudisha. Kusema “nilikataa ofa yake” hakutoshi. Anahitaji ujumbe wenye tarehe, mathalani: “Nipo tayari kurudisha kifaa hiki, nipe anwani na maelekezo.” Muuzaji asipojibu, au akirudia tu ile asilimia 15, ukimya wake na majibu yake yote yaambatishwe. Kama ujumbe huo hukuwahi kuutuma, utume leo, na barua itaje tarehe yake halisi. Usiurudishe nyuma, kwani muuzaji naye ana nakala.

Zaidi ya hapo, ukurasa mmoja unatosha. Viambatisho vipewe namba, na kila dai katika barua litaje namba ya kiambatisho chake.

Muuzaji anaweza kuendelea kukataa, na hatua ya mwisho ni usuluhishi wa Visa yenyewe. Ada zake ni mamia ya dola, kwa hiyo benki husita kufika huko kwa dola 140, hata mteja akiwa na haki. Benki ikifunga faili, iombe sababu kwa maandishi, ikieleza ni kiambatisho gani cha muuzaji kilichothibitisha kwamba bidhaa ililingana na tangazo. Jibu likiwa ni ile saini ya mapokezi tena, peleka malalamiko rasmi kwa benki hiyo kwanza. Yasipotatuliwa, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya wateja wa benki.