Nani aliyeamua taa ya manjano iwake sekunde nne?

Msomaji, mara nyingi twalalama kuwa taa za barabarani zatuchelewesha. Leo nataka tufungue lile sanduku lililo kando ya njia tuone linavyoamua.

Tuchukue makutano ya njia mbili, kubwa na ndogo, kila moja ina upana wa mita 18. Mtengenezaji huanza kwa kuorodhesha hali zote zinazoruhusiwa, nazo ni sita tu: kubwa kijani, kubwa manjano, zote nyekundu, ndogo kijani, ndogo manjano, zote nyekundu tena. Kisha yarudi mwanzo. Hali ya njia zote mbili kuwa kijani haimo katika orodha, na hakuna hatua inayoelekea huko. Hiyo ndiyo faida ya kuorodhesha.

Kinachosukuma hatua ni kihesabu, kinachoongeza moja kila sekunde. Muda wa hali ukitimia, mtambo wahamia hali ya pili na kihesabu charudishwa sufuri. Kwa kuwa kinaanzia sufuri, sekunde nne huishia kwenye 3, si 4.

Sasa muda. Gari la kilomita 50 kwa saa hukata kama mita 14 kwa sekunde. Dereva huchukua sekunde moja kutambua taa, kisha breki za kawaida zahitaji kama mita 33. Jumla ni mita 47. Aliye karibu kuliko hapo hawezi kusimama salama. Lazima apite, na mita 47 ni sekunde 3.4. Kwa hivyo manjano hupewa nne. Atakayeingia mwishoni mwa manjano ana mita 18 za kuvuka, na tano za urefu wa gari lake. Hizo ni sekunde 1.6, basi nyekundu ya wote hupewa mbili.

Kijani ndiyo yenye nafasi ya kuchagua. Tuseme kubwa 30, ndogo 20. Mzunguko mzima ni sekunde 62. Wengine watasema njia ndogo haina magari, ipewe 10. Lakini huo ndio wakati wa wanaotembea kuvuka njia kubwa. Bibi anayekwenda mita moja kwa sekunde ataka 18. Ukimpa 10, taa itabadilika akiwa kati ya barabara.

Makosa nayo yana dalili zake. Manjano ikimulika sekunde moja tu na kutoweka, huenda kihesabu hakikurudishwa sufuri. Na ukiongeza kijani kufikia 40 kisha taa ikaganda hapo hapo, tazama ukubwa wa kihesabu: chenye biti tano mwisho wake ni 31, kisha chaanza upya. Hakitafika 39 hata tukingoja hadi kesho, na wa njia ndogo watabaki na nyekundu yao.