Tagi za zawadi kwa mabaki ya karatasi: jani lisipokauka sawasawa, oda yote inakurudia

Juzi niliposti zile tagi ndogo za majani, inboksi ikajaa: "Unazitengenezaje?", "Karatasi hiyo unanunua wapi?" Leo naeleza yote, pamoja na hasara niliyopata, maana hasara ndiyo iliyonifundisha.

Mimi niko Mtoni, huku nyuma ya magofu ya kasri. Nauza udi na viungo kwenye vifuko, oda nyingi ni za harusi. Mwezi wa nne mwaka jana biharusi mmoja wa Bububu alitaka vifuko 120 vya udi vya kuwapa wageni, kila kimoja na tagi ya jani halisi, kwa sababu ukumbi wake ulikuwa kijani na dhahabu. Mimi nikachuma majani asubuhi, mvua imetoka kunyesha, nikayabana kwenye jarida la karatasi za kung'aa siku tatu, nikabandika, nikazifunga tagi zote kwenye mfuko wa nailoni nikijiona hodari. Siku ya nne nafungua, nakutana na harufu ya kabati la zamani na vidoa vyeupe juu ya kila jani. Ukungu. Harusi imebaki siku nne.

Kosa halikuwa moja. Jani lilichumwa na maji juu yake. Karatasi ya kung'aa hainyonyi maji, inayazuia ndani tu. Tena huo ulikuwa wakati wa masika, hewa yenyewe imelowa, na mimi nikaongeza nailoni juu.

Siku hizi nachuma mnamo saa nne asubuhi, umande umeshakauka. Nachagua majani membamba: kangaga, mwarobaini, na maua ya bogenvilia, ambayo yenyewe tayari ni kama karatasi. Jani la mkarafuu na la mdalasini yanapendeza na yana habari ya Zanzibar ndani yake, lakini ni manene, hukaa na maji muda mrefu. Kama unayo wiki mbili au tatu, sawa. Kama huna, yaache. Jani la mkwaju nalo ni mtihani mwingine: linapokauka vijani vyake vinapukutika vyote, unabaki na kijiti.

Nayapanga kwenye gazeti la kawaida, yasigusane, naweka gazeti jingine juu, kisha ubao na tofali mbili. Sasa hapa ndipo wengi wanaporuka: gazeti linabadilishwa. Siku ya kwanza, ya pili na ya tatu naweka kavu, kwa sababu lile la mwanzo limeshakunywa maji ya jani na likibaki litayarudisha. Baada ya hapo nayaacha mpaka siku ya saba au ya kumi. Kujua kama limekauka, ligusishe mdomoni au shavuni. Ukisikia ubaridi, bado lina maji. Likiwa kavu kweli halina baridi, na ukilishika kikonyo linasimama, haliinami.

Zile tagi za biharusi sikuwa na siku saba, basi nikatumia pasi. Jani unalitia kati ya karatasi mbili nyeupe (sio gazeti, wino utahamia kwenye jani), pasi isiyo na mvuke, moto mdogo kama wa kupigia nguo ya hariri. Gandamiza kama sekunde kumi, nyanyua, acha mvuke utoke, rudia mara tano au sita. Ukikazana kwa mara moja linageuka rangi ya chai. Kisha likalale usiku mzima chini ya tofali. Kwa njia hiyo nilipata majani 40 mazuri tu. Tagi 80 zilizobaki nilizipiga mhuri wa bamia.

Ndiyo, bamia hii ya mchuzi. Ikate kati, utaona ua lenye pembe tano. Ifute kwa kitambaa, iache nusu saa ili ule mlenda ukauke, vinginevyo rangi inateleza na ua linatoka kama doa. Rangi iwe nzito, imwage kwenye kipande cha sponji, gusisha bamia kwenye sponji na usiichovye. Bamia moja hunipa tagi kama 20, kisha naikata ncha na kuendelea. Kwa dhahabu ya ukumbi, haya maua ya bamia ndiyo yaliyopendwa kuliko majani yenyewe! Ukitaka herufi, chonga kwenye raba ya kufutia, lakini kumbuka zichongwe kinyume, kama unavyoziona kwenye kioo. Mimi nimeshawahi kuchonga herufi mbili za maharusi nikazipata zinatazama upande wao.

Karatasi sinunui. Duka la kuchapisha lina mabaki ya manila waliyokata pembeni, wanayatupa. Kalenda za mwaka uliopita zina mgongo mweupe mgumu. Mfuko wa saruji una tabaka zaidi ya moja: lile la ndani lina vumbi la saruji, liache, lakini lisilogusa saruji ni karatasi safi ya kaki. Ikiwa nyembamba nabandika mbili pamoja. Kipimo changu zamani kilikuwa sentimita 5 kwa 8, karatasi ya A4 ikanipa tagi 12. Nilipopunguza ikawa 5 kwa 7, ikanipa 16, na mteja hajaona tofauti.

Gundi ni uji wa unga wa ngano, ulioiva mpaka ukawa wa kung'aa. Uji peke yake hapa kwetu unaota ukungu na mende wanaupenda, kwa hiyo naweka matone mawili ya mafuta ya karafuu kwa kikombe. Unapaka kidogo sana kwa brashi mgongoni mwa jani, kisha tagi inarudi chini ya uzito, la sivyo inajikunja.

Kuhusu kufanana na mapambo: usiamini picha ya simu. Mwombe mteja kipande cha kitambaa au utepe, ukitazame mchana nje. Na linganisha na jani kavu, maana kijani kibichi kikikauka kinageuka cha zeituni. Jani la zeituni juu ya kaki linapotea kabisa, hivyo mimi natanguliza kipande cheupe chini yake. Natengeneza tagi moja ya mfano, nusu yake naifunika, naiacha dirishani penye jua siku tatu. Bogenvilia hasa hupauka, na ni bora mteja aone mapema.

Tundu nalibandikia kiduara cha manila nyuma ili uzi usilichane, na tagi naining'iniza nje ya kifuko. Mafuta ya udi, au samli ya halua, yakiigusa tu yameshaiharibu.

Oda ile nilitoza shilingi 300 kwa tagi, jumla 36,000. Uzi, rangi na vinginevyo vilikula 9,500, ikabaki 26,500 kwa saa tisa za kazi, bila kuhesabu zile 120 za ukungu. Sasa ya jani ni 400, ya mhuri peke yake 250, na kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano oda ya majani napokea wiki mbili kabla. Anayekuja na siku nne namwonesha bamia.