Ripoti Moja, Mihtasari Miwili: Mfano wa Maji ya Kisima

Wengi wetu tukiwa kazini vijijini hupokea ripoti za wataalamu. Mhandisi wa maji, daktari wa mifugo au mkaguzi wa majengo huleta kurasa thelathini, kisha mtu mmoja huombwa azifupishe. Mara nyingi hutoka muhtasari mmoja, unaopelekwa kwa meneja wa mradi na pia kusomwa mbele ya wanakijiji. Makala hii inaeleza kwa nini yahitajika mihtasari miwili, na namna ya kuiandika bila mmoja kuupinga mwingine.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila tatizo lake ni la kweli. Kandokando ya Mlima Meru, mkoani Arusha, na katika maeneo mengine ya Bonde la Ufa, maji ya ardhini huwa na madini mengi ya floraidi yanayotoka katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Yakizidi hapo, meno ya watoto yanayoendelea kuumbika hupata madoa. Yakizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika.

Kijiji cha mfano wetu kina visima viwili. Maabara imeleta majibu haya: kisima kirefu kina floraidi miligramu 3.8 kwa lita, na hakina bakteria wa kinyesi. Kisima kifupi kina floraidi miligramu 0.9, lakini bakteria wa kinyesi ni 12 katika mililita 100, wakati maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata mmoja. Sampuli zilichukuliwa mara moja tu, mwezi Septemba, wakati wa kiangazi. Mradi ulikuwa umepanga kusambaza maji ya kisima kirefu kwa mabomba.

Anza na orodha ya ukweli

Kabla ya kuandika muhtasari wowote, toa katika ripoti mambo ambayo hayabadiliki, awe nani anayesoma. Hapa ni manne: kisima kirefu kimezidi kikomo cha floraidi, kisima kifupi kina uchafu wa kinyesi, kuchemsha huua bakteria lakini hakuondoi floraidi, vipimo ni vya kiangazi peke yake. Orodha hii ndiyo mzani wako. Lolote litakaloandikwa katika mihtasari yote miwili lisiende kinyume nayo.

Kisha jiulize kila msomaji atafanya nini akishamaliza kusoma. Meneja atatia saini au atazuia fedha. Mama wa nyumbani atachukua ndoo na kuchagua kisima jioni hiyohiyo. Maswali yao ni tofauti, kwa hiyo hata mpangilio wa majibu utakuwa tofauti.

Muhtasari wa meneja

Meneja anahitaji uamuzi kwanza, sababu baadaye. Anahitaji pia namba, kwa kuwa ataulizwa na walio juu yake. Muhtasari wake unaweza kuwa hivi:

> Tunapendekeza mkataba wa kusambaza maji ya kisima kirefu usitiwe saini kwa sasa. Floraidi yake ni miligramu 3.8 kwa lita; kikomo ni 1.5. Kisima kifupi kiko chini ya kikomo (0.9) lakini kina bakteria wa kinyesi 12 katika mililita 100, mhandisi anaona chanzo ni sakafu iliyopasuka na mfuniko usioziba. Maamuzi matatu yanahitajika: kuidhinisha ukarabati wa kisima kifupi na dawa ya klorini, kuomba makadirio ya gharama za chujio la mkaa wa mifupa kwa kisima kirefu, na kulipia kipimo cha pili wakati wa masika. Mashaka yaliyopo: sampuli ni moja kwa kila kisima, na mvua huweza kuongeza uchafu katika kisima kifupi.

Angalia kwamba mashaka hayakufichwa mwishoni mwa ripoti. Meneja asipoambiwa kuwa kipimo ni kimoja, atadhani jambo limekwisha, na fedha za kipimo cha pili hazitatengwa.

Muhtasari wa wanakijiji

Hapa kosa la kawaida ni kuufupisha tena muhtasari wa meneja na kuondoa namba. Hubaki sentensi kama hii: "Maji ya visima vyote viwili si salama, chukueni tahadhari." Sentensi hiyo ni ya kweli, tena ni ya hatari. Kwa watu wengi, tahadhari ya maji ni kuchemsha. Mama atachemsha maji ya kisima kirefu, ambayo hayana bakteria, na floraidi itabaki palepale. Tena sehemu ya maji ikipotea kwa mvuke, floraidi katika maji yaliyobaki huzidi. Atakuwa ametumia kuni zake bure, na mtoto bado anakunywa maji yenye madhara.

Kwa hiyo neno "si salama" ligawanywe: ni baya kwa nini, na dawa yake ni ipi. Andika kwa kufuata matumizi ya ndoo:

> Ndugu wanakijiji, maji ya visima vyetu yamepimwa. Kisima kirefu kina madini yanayoharibu meno ya watoto, na mtu akiyanywa kwa miaka mingi, hata mifupa. Kuchemsha hakuyaondoi, wala dawa ya klorini. Maji hayo tumieni kufulia, kuoshea na kujengea. Ya kunywa, kupikia na kukorogea uji wa watoto chukueni kisima kifupi, lakini yachemsheni mpaka yatokote, kwa sababu yana vijidudu vya kuharisha. Yahifadhini katika chombo safi chenye mfuniko. Kisima kifupi kitafanyiwa matengenezo uongozi ukiidhinisha. Maji yatapimwa tena wakati wa mvua, na majibu mtaletewa hapa.

Hakuna miligramu hata moja, lakini hakuna kilichofichwa. Akitokea mtu wa kuuliza kiasi, mjibu kwa ulinganisho: floraidi ya kisima kirefu ni zaidi ya mara mbili ya kiasi kinachoruhusiwa. Jiandae pia kwa swali la kuchanganya. Ndoo moja ya kila kisima ikichanganywa na nyingine, hutoka wastani wa miligramu 2.35, bado juu ya kikomo. Nusu kwa nusu haitoshi.

Wala usiahidi kisichoamuliwa. Chujio la mkaa wa mifupa limo katika muhtasari wa meneja, lakini kwa wanakijiji halikutajwa, kwa kuwa hata gharama yake bado haijajulikana. Matengenezo nayo yametajwa kwa sharti la idhini.

Kupima kama mihtasari imefaa

Iweke mihtasari yote miwili kando ya ile orodha ya ukweli, uisome mstari kwa mstari. Jambo la nne, kwamba vipimo ni vya kiangazi, ndilo huanguka mara nyingi. Kwa meneja lipo kama mashaka, kwa wanakijiji lipo kama ahadi ya kupima tena wakati wa mvua.

Baada ya hapo, mpe meneja muhtasari wake na umwulize ni maamuzi mangapi anaombwa. Akitaja mawili, upange upya. Kwa wanakijiji, usiulize kama wameelewa, maana watu wataitikia kwa heshima. Mwombe mmoja aeleze: "Mama, jioni hii maji ya uji wa mtoto utayateka wapi, na utayafanyaje kabla ya kumpa?" Akijibu kwamba atachota kisima kirefu na kuyachemsha, kosa si lake. Sentensi ya kuchemsha haikusikika; ipandishe juu, isome tena, kisha umwulize mtu mwingine.