Kurasa sita kuwa kitini kimoja

Kipindi cha mafunzo endelevu ya kitabibu kuhusu kutokwa damu baada ya kujifungua kilinijazia kurasa 6 za daftari. Kitini nilikianza na lengo. "Kuelewa dawa" halipimiki, nikaandika: "Mshiriki ataweza kutoa gramu 1 ya asidi ya traneksamiki kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10." Lengo hilo likachuja hoja kuu, historia ya dawa, tamu kweli, ikabaki daftarini. Kwenye hoja niliandika "ndani ya saa 3." Mkunga akauliza: tangu lini? Nikafungua mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2017: tangu kujifungua, si tangu damu ianze. Nikasahihisha, na kwenye marejeo nikauweka mwongozo wenyewe badala ya slaidi za mwezeshaji.