Mama Mzazi, Vaa Upendeze na Bibi Harusi Aonekane

Dar es Salaam, mama wa bibi harusi huwa na shughuli mbili kubwa za kuvalia. Ya kwanza ni sendofu, ambako upande wa binti ndio unaoandaa na yeye mwenyewe ndiye mwenyeji. Ya pili ni harusi, ambayo kwa kawaida huandaliwa na upande wa kijana pamoja na kamati yake, na hapo mama yuleyule huingia ukumbini akiwa mgeni wa heshima. Kwa mama wa bwana harusi mambo hugeuka: sendofu anaalikwa, harusi anapokea watu. Ukilijua hilo umeshajua nusu ya jibu la swali linalowasumbua akina mama wengi wakiwa wamesimama mbele ya majora ya vitambaa Kariakoo. Kwenye shughuli ambayo wewe ni mwenyeji una haki ya kung'aa kidogo zaidi. Unapoalikwa, punguza.

Ushauri ambao kila mtu anautoa ni kwamba mama asivae nyeupe. Ni ushauri sahihi, lakini hautoshi. Kwenye sendofu mabinti wengi hawavai nyeupe kabisa. Huvaa gauni la dhahabu, jekundu, la kijani, au kitenge kilichoshonwa kwa ustadi. Mama anayejilinda na nyeupe tu anaweza kuingia ukumbini na dhahabu ileile aliyovaa mwanawe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza rangi za mapambo ya ukumbi, uliza gauni la bibi harusi lina rangi gani, na uombe kuiona kwa macho. Neno "pichi" kwa mama ni rangi moja, kwa binti ni nyingine, na kwa muuza duka ni ya tatu. Kipande kidogo cha kitambaa kutoka kwa fundi wa bibi harusi, ukikitia kwenye pochi uende nacho dukani, kitamaliza ubishi.

Nyeupe yenyewe ina shida ambayo wengi hawaijui. Magauni mengi ya harusi si meupe pepe, ni ya krimu. Nguo nyeupe kabisa ikisimama kando ya krimu, ile krimu huonekana ya manjano, kana kwamba imefuliwa vibaya. Nguo ya mama inaweza hivyo kulichafua gauni la mwanawe bila mtu kufahamu sababu. Watu wataona tu kwamba kwenye picha za familia bibi harusi amefifia. Rangi kali zinazowaka, kama waridi kali au nyekundu ya moto, nazo zina tabia yake: chini ya taa kali hutupa kivuli cha rangi yake kwenye nguo nyeupe na ngozi ya aliye karibu. Na mama husimama karibu kuliko mtu mwingine yeyote.

Kitu cha pili kinachomfunika bibi harusi ni mng'ao. Vipande vinavyometameta vilivyoshonewa kwenye lesi hurudisha mwanga wa flashi kwa kamera, na jicho hukimbilia palipo na mwanga mwingi. Gauni la bibi harusi mara nyingi lina shanga na vimetameta vyake. Mama akivaa vyake kuanzia shingoni hadi miguuni, kunakuwa na mashindano ambayo hakuna aliyeyataka. Sisemi mama aache lesi. Lesi nzuri ya pamba, yenye nakshi ya uzi wa rangi ileile ya kitambaa, inamheshimisha mama kuliko kitu chochote ninachokijua, kwa sababu uzuri wake unaonekana mtu akikaribia. Satini iliyofifia, krepu na kitenge kilichotulia michoro navyo vinafaa.

Kuna jaribio rahisi la kufanya dukani au nyumbani usiku. Tandika kitambaa chako kando ya kitambaa cha rangi ya gauni la bibi harusi, washa taa, kisha piga picha kwa simu ukitumia flashi. Itazame picha haraka, kisha uifunike. Kama jicho lako lilianza kwenye kitambaa chako, kirudishe rafuni.

Tuchukue mfano. Binti atavaa gauni la dhahabu kwenye sendofu, ukumbi utapambwa kwa kijani na dhahabu, na mashangazi na mama wadogo wameshakubaliana sare ya kitenge cha kijani. Mama anatakiwa atofautike na sare hiyo, maana yeye si mmoja wa mashangazi, lakini asitoke nje ya familia. Njia nzuri ni kushuka kwenye rangi ileile: achukue kijani kilichokolea zaidi, kinachokaribia weusi, katika lesi au krepu. Dhahabu aiache kwenye hereni na pochi. Akisimama na mwanawe, giza la kijani litaifanya dhahabu ya binti iwake zaidi. Na kwa kuwa yeye ndiye mwenyeji, hapa anaweza kujiruhusu kilemba na nakshi kidogo mikononi.

Kwenye harusi ya binti huyohuyo gauni ni la krimu, rangi za ukumbi ni maruni na pichi, na wapambe watavaa pichi. Pichi imeshachukuliwa. Maruni inafaa, ila kuna hatari ya mama kufanana na vitambaa vya meza. Zambarau iliyoiva inakaa jirani na maruni bila kuwa maruni, na inapendeza kwenye ngozi za rangi nyingi. Mama wa bwana harusi, ambaye leo ndiye mwenyeji, anaweza kuchukua maruni yenyewe katika kitambaa kizuri zaidi cha lesi, na hakuna atakayemchanganya na meza. Mama hawa wawili hawatafanana, lakini kwenye picha ya pamoja wataonekana wametoka kwenye mpango mmoja.

Sasa tuje kwa fundi, ambako mambo mengi huharibikia. Mshono wa mama unapaswa kuchaguliwa kwa kazi atakazozifanya siku hiyo, nazo zinajulikana. Ataingia ukumbini akicheza na familia. Atapanda jukwaani. Maharusi watapiga magoti mbele yake kumpa keki, naye atainama kuwainua. Atamkumbatia mwanawe mara nyingi, pengine wakilia. Gauni lililobana hadi magotini halipandi ngazi za jukwaa. Shingo iliyokatwa chini, ambayo mbele ya kioo inaonekana ya heshima kabisa, hubadilika mama anapoinama, na mpiga picha yuko mbele yake palepale. Kwa hiyo siku ya kujaribu usiridhike na kusimama mbele ya kioo. Kaa, inama, inua mikono kama unayekumbatia mtu mrefu, panda ngazi za fundi. Kama mshono unalalamika mahali, ndipo pa kurekebisha.

Kukumbatia kuna jambo lake. Shela la bibi harusi ni neti laini sana, na shanga zilizochomoza kifuani mwa mama, bruchi, au pete yenye kucha huinasa. Nimeona shela likichanika hivyo mbele ya wageni, na hakuna pini inayoficha tundu kwenye neti. Nakshi ya kifuani iwe bapa, iliyolala kwenye kitambaa. Shanga, kama ni lazima, ziwekwe chini ya goti au kwenye pindo la mikono kwa uchache. Kilemba nacho kipimwe hapohapo: kile kigumu kilichofungwa kwa mtindo wa Nijeria hupendeza mno, ila kikiwa kipana kuliko mabega kitagonga taji la binti, na mama huketi mbele, kwa hiyo meza nzima ya nyuma yake itatazama kitambaa badala ya maharusi. Kilemba kinachoishia ndani ya upana wa mabega kinatosha.

Kuhusu kitambaa, pande la kitenge ni yadi 6, sawa na mita 5.5 hivi. Kwa mama wa mwili wa wastani linatoa gauni refu na kilemba. Kama michoro ni mikubwa, mwambie fundi kabla ya kununua, kwani atahitaji ziada ili maua yakutane vizuri kwenye mishono na ua kubwa lisidondokee pasipofaa kifuani. Kitenge cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Kikirudi baada ya kushonwa, gauni halitakutosha tena. Bitana iwe ya pamba au kitambaa kingine chepesi kinachopitisha hewa. Kwenye joto la Desemba, bitana ya nailoni humfanya mama aloe jasho kabla hata ya keki, na satini ya rangi ya kati, kama bluu au kijivu, huonyesha kila tone kwapani. Rangi nzito sana na vitambaa vyenye michoro huficha.

Mpelekee fundi kitambaa wiki 6 kabla, hasa ikiwa harusi ni ya mwisho wa mwaka ambapo mafundi huelemewa. Jaribu mara ya kwanza zikiwa zimebaki wiki 3, ukiwa umevaa sidiria, shumizi na viatu vilevile vya siku hiyo. Viatu ndivyo vinavyopima pindo: liache kama sentimita 2 juu ya sakafu ili ucheze bila kulikanyaga. Jaribio la mwisho liwe wiki moja kabla, kwa sababu mwili wa mama hubadilika kwa pilikapilika, na mwombe fundi aache akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni. Ikiwa ibada ni asubuhi kanisani na ukumbi ni jioni, mtandio wa rangi ya gauni unaofunika mabega utakutosha kwa zote mbili bila kushona nguo ya tatu.

Linabaki jambo moja ambalo fundi hawezi kukusaidia, nalo ni mama wa upande wa pili. Akina mama wengi huoneana haya, kila mmoja akingoja mwenzake aanze, na matokeo yake ni wawili kuja na rangi moja, au mmoja kuja amevaa kama malkia na mwenzake kama amepita kusalimia. Mpigie simu kabla hujalipia kitambaa. Msalimie, mwambie rangi unayoifikiria, muulize ya kwake, na mtumie picha ya kitambaa. Kama yeye ndiye mwenyeji wa siku hiyo, mwache achague kwanza.