Saa ya Jiko Huanza Lini?

Jiko la pamoja likikodishwa, tuseme, kwa shilingi 10,000 kwa saa, mtengenezaji wa pilipili ya chupa huhesabu saa 3 za kupika na kusahau zilizobaki. Lakini saa huanza kuhesabiwa mlango unapofunguliwa. Kuosha na kusaga nyanya, kusubiri sufuria kubwa ichemke, kujaza chupa, kisha kusugua meza na sakafu mpaka msimamizi aridhike: hapo ni saa 5, yaani 50,000.

Chupa anaiuza 4,000. Viungo, chupa yenyewe, lebo na usafiri vinakula 2,600. Akijaza chupa 100, kodi ni 500 kwa kila moja, naye anabaki na 900. Akijaza 40, muda haupungui kwa kiasi hicho, maana usafi ni uleule. Hata akimaliza kwa saa 4, kodi inapanda hadi 1,000 kwa chupa. Anabaki na 400, jumla 16,000, na bado hajajilipa jasho lake. Kwangu mimi, hapo jiko hilo halimfai bado; akusanye oda kwanza, apike mara moja kwa wiki mbili.

Tena aulize mapema kama gesi na nafasi ya friji vimo ndani ya bei.